Barua yangu kwa mpiga picha wa harusi

Leo nimemwandikia mpiga picha wa harusi yetu kuhusu picha tulizopiga Gangilonga, hapa Iringa, nikimwomba amwondoe mtu tusiyemfahamu na lori lililoegeshwa nyuma yetu.

"Kaka, huyo mtu amesimama mbele ya majani matupu, hivyo hatakusumbua. Lori ndilo gumu, kwa sababu wekundu wake unaonekana kupitia shela langu, na ukilifuta kwa kunakili majani ya pembeni, lesi itakatika ukingoni. Naomba uchukue mandhari ya picha uliyopiga palepale kabla lori halijafika, kisha uondoe wekundu kwenye shela taratibu. Tafadhali tumia faili halisi za kamera, na kivuli cha lori kilichofika miguuni kwa mama nacho kiondoke."