Baba, binti na barua

Leo mazoezini tumekomaa na onyesho la tatu, pale binti anapomkabidhi baba barua. Mswada unasema tu: "Baba anasoma, anakasirika, anainuka." Hilo "anakasirika" nimelifuta. Mwigizaji ukimwambia akasirike atakunja uso tu, mpe kitendo. Nikaandika: anakunja barua mara mbili, anaiweka chini ya kikombe, ndipo anainuka.

Kuinuka nako kuna wakati wake. Alikuwa anainuka huku anasema "Nani mwingine anajua?", swali likamezwa na mlio wa kiti. Akiinuka kwanza, macho ya watazamaji yanakuwa yameshamfikia kabla hajafungua mdomo. Akisema kwanza ndipo akainuka, kinachobaki kichwani ni ule mwendo. Tumechagua la kwanza, maana hapo swali ndilo kisu.

Binti nimemkataza kurudi nyuma. Abaki mlangoni, mguu mmoja ukielekea nje, hadi baba amsogelee hatua mbili.

Halafu mswada umejaa "kimya" karibu kila ukurasa (mwandishi anisamehe). Nimebakiza kimoja, baada ya swali. Kwingine wadakiane maneno, la sivyo kile kimoja hakuna atakayekisikia.