Tunda Linaloachia Kikonyo: Tafakari ya Mantra ya Mahamrityunjaya

Om Namah Shivaya, ndugu wapendwa.

Ugonjwa unapoingia nyumbani, wengi wetu hukimbilia Mahamrityunjaya, mantra ya Shiva anayeshinda mauti. Imo katika Rigveda, kitabu cha 7, utenzi wa 59, ubeti wa 12, na inapokewa kuwa ya rishi Vasishtha. Ni mistari minne tu:

Om tryambakam yajaamahe
sugandhim pushtivardhanam
urvaarukamiva bandhanaan
mrityor mukshiya maamritaat

Maana yake: twamwabudu Mwenye Macho Matatu, anukiaye vizuri, azidishaye siha. Kama tunda linavyotoka kwenye kifungo chake, nami nifunguliwe kutoka mautini, nisitengwe na uzima usiokufa.

Wiki hii tukae kwenye mstari wa tatu. Urvaaruka ni tunda la jamii ya tango na tikiti. Chukua tikiti dogo la manjano, lile linalonukia. Likiwa bichi, ukilivuta linatoka na kipande cha mtambaa, na mmea unajeruhika. Likiiva, pale kikonyo kinaposhikana na tunda hutokea ufa mwembamba wa duara, na ukiligusa tu linabaki mkononi. Ombi letu ni hilo: tusing'olewe tukiwa wabichi, na wakati ukifika tusining'inie kwa hofu. Kwa hiyo mantra hii humfaa anayetarajiwa kupona, na humfaa vilevile anayeaga, bila kubadilisha neno.

Neno la mwisho ndilo linaloharibiwa zaidi. Maamritaat ni maneno mawili yaliyoungana: maa, yaani "si", na amritaat, yaani "kutoka kwa kisichokufa". Anayekata pumzi katikati akasema "maa... mritaat" ameipoteza ile a ya amrita, na ombi linapinduka: anaomba asifunguliwe kutoka kwa kilichokufa. Ukihitaji kupumua, pumua baada ya bandhanaan, kisha mstari wa nne uusome kwa mkupuo mmoja.

Yajurveda yenyewe inatusaidia kuuelewa muundo huo. Katika ibada ya Tryambaka, wasichana walisoma ubeti unaofanana na huu wakiomba mume: wafunguliwe "kutoka huku, si kutoka kule". Huku ni nyumba ya wazazi, kule ni ya mume. Hata hapo kufunguliwa kuna pa kutoka na pa kufikia.

Sasa hesabu. Kwa kila siku, mala moja inatosha: shanga 108 za rudraksha, mbali na ile kubwa ya meru. Kaa ukielekea mashariki au kaskazini, taja jina la mgonjwa na idadi uliyokusudia, kisha anza. Shanga zipite juu ya kidole cha kati zikisukumwa na gumba la mkono wa kulia, kidole cha shahada kikae pembeni. Ukifika meru usiivuke, geuza mala urudi ulikotoka. Kwa mwendo wa sekunde 10 kila mara, mala moja ni dakika 18. Ukimaliza kwa dakika 8, rudi usikilize midomo yako: kwa kawaida urvaarukamiva imemezwa. Siku yenye shughuli nyingi soma mara 11 au 21 kwa utulivu. Ni bora kuliko 108 za kukimbizana.

Kwa ugonjwa mzito familia huweka nadhiri ya 125,000. Kwa desturi kila mala huhesabiwa 100, zile 8 zikifidia makosa, hivyo zinahitajika mala 1,250. Mtu mmoja akisoma mala moja kwa siku atachukua karibu miaka mitatu na nusu. Wasomaji watano kwa siku 10 wanapata mala 25 kila mmoja kwa siku, yaani saa saba na nusu za kusoma mfululizo. Nyumba nyingi hukwama hapa: siku ya tatu sauti zinakauka, siku ya tano mtu anaanza kukisia hesabu. Afadhali kutangaza siku 25, mala 10 kwa kila mmoja, saa tatu kwa siku, na daftari karibu na taa ambamo kila mala inachorewa mstari inapoisha.

Dawa za mgonjwa ziendelee kwa saa zake, na anayetumia insulini asifungishwe kwa ajili ya nadhiri. Tunamwita pushtivardhana, Azidishaye siha, na chakula na dawa ni katika njia zake.

Kando ya kitanda cha anayeaga hesabu iachwe. Weka mala chini, sogea karibu na sikio lake, soma polepole kwa sauti ndogo, ukifuata mwendo wa pumzi yake.