Yuro tulizonunua ghali: nilivyopanga pesa za masomo na za nyumbani

Januari 2024 shilingi ya Kenya ilikuwa imeporomoka. Dola moja ilifika shilingi 160 hivi, na yuro ilikaribia 175. Mwezi huohuo ndipo sisi, nyumbani Mombasa, tulipolazimika kununua yuro, kwa kuwa miadi ya viza yangu ya kwenda kusoma Ujerumani haingoji soko litulie. Ujerumani humtaka mwanafunzi anayetoka nje ya Umoja wa Ulaya athibitishe kuwa ana pesa za kujikimu za mwaka mzima. Njia iliyozoeleka ni akaunti iliyofungwa: unaweka pesa zote kabla ya kusafiri, na ukishafika unafunguliwa kiasi kilekile kila mwezi. Wakati wetu zilitakiwa yuro 11,208, yaani 934 kwa mwezi. Tangu Septemba 2024 zimepanda hadi 11,904, yaani 992 kwa mwezi.

Kwa kiwango cha 175, hizo 11,208 ni takriban shilingi 1,960,000. Mama alitoa akiba yake, wajomba wakachanga, na bado tukakopa kwenye chama.

Februari serikali ikatoa Yurobondi mpya, yaani mkopo wa dola kutoka kwa wawekezaji wa nje, na kununua sehemu kubwa ya ile ya zamani iliyokuwa ilipwe Juni. Hofu ya kwamba Kenya ingeshindwa kulipa ikapungua, shilingi ikapanda kwa kasi. Nilipofika Leipzig mwezi wa Aprili kuanza muhula, dola ilikuwa imeshuka hadi kama 130 na yuro kama 140. Kwa kiwango hicho pesa zilezile zingetugharimu shilingi 1,570,000. Tofauti ni karibu laki nne.

Nililifikiria jambo hili kwa muda mrefu kabla ya kuelewa hasara yenyewe inakaa wapi. Kodi ya chumba inalipwa kwa yuro, bima ya afya kwa yuro, chakula kwa yuro, na kwa malipo hayo yuro niliyoinunua kwa 175 ina nguvu ileile ya yuro iliyonunuliwa kwa 140. Hasara inageuka kuwa pesa halisi pale ninapoirudisha yuro hiyo kuwa shilingi. Yuro 100 zilizotugharimu shilingi 17,500 zingefika nyumbani zikiwa 14,000 kabla hata ya makato. Kwa hiyo nikaweka mpaka mmoja ambao sijauvuka mpaka leo: pesa ya akaunti iliyofungwa haitumwi nyumbani. Kinachokwenda Mombasa kinatoka kwenye mshahara tu.

Ili mpaka huo usimame, nilifungua akaunti mbili za benki. Moja ni ya mwanafunzi, isiyo na ada ya mwezi. Humo inaingia pesa inayofunguliwa, na kodi na bima zinakatwa humohumo. Ya pili inapokea mshahara wa kibarua changu. Mwaka 2024 kibarua kidogo kiliruhusu mpaka yuro 538 kwa mwezi, na sisi tunaotoka nje ya Umoja wa Ulaya tuliruhusiwa siku 140 kamili za kazi kwa mwaka. Kabla ya kuweka sahihi kwenye akaunti ya mwanafunzi, soma inaisha lini kuwa ya bure. Benki nyingi zina ukomo wa umri, na zingine hudai cheti kipya cha chuo. Ukipitwa na tarehe, ada inaanza kukatwa kimyakimya, na salio likipungua siku ya kodi, malipo yanarudishwa na unatozwa juu yake.

Nirudi kidogo kwenye ile safari ya kwanza ya pesa, kwa sababu wengi hukwama hapo. Unapotuma kutoka benki ya Kenya kwa SWIFT, mfumo wa benki wa kutuma pesa nje ya nchi, fomu inakuuliza nani analipa gharama: OUR ni mtumaji, SHA ni kugawana, BEN ni mpokeaji. Kwa SHA au BEN, benki ya katikati inaweza kukata ada yake njiani. Zikipungua yuro 20 tu, cheti cha akaunti cha kupeleka ubalozini hakitoki mpaka uongeze, na kutuma mara ya pili kuna gharama zake. Tulichagua OUR na tukaongeza yuro chache juu. Tena, kwa kiasi kikubwa namna hii usikubali kiwango kilichobandikwa ukutani. Mjomba aliomba kuzungumza na dawati la fedha za kigeni la benki, akapunguziwa.

Sasa kutuma nyumbani. Kampuni za kutuma pesa hupata faida yao katika sehemu mbili: ada inayoonekana, na pengo kati ya kiwango wanachokupa na kiwango cha kati, yaani kile unachokiona ukitafuta tu bei ya yuro mtandaoni. Tuchukue kiwango cha kati ni 140. Kampuni ya kwanza inasema haitozi ada, lakini inakupa 136.5. Ya pili inatoza yuro 1.50 na inakupa 139.8. Ukituma yuro 100, kwa ya kwanza mama anapata shilingi 13,650, na kwa ya pili 13,770. Ukituma yuro 20, mambo yanapinduka: ya kwanza inafikisha 2,730, ya pili 2,586 tu. Kwa viwango hivyo mahali pa kukutana ni kama yuro 64. Chini yake "bila ada" ni nafuu kweli, juu yake ni ghali. Viwango hubadilika kila siku, kwa hiyo mimi silinganishi ada. Naandika kiasi kilekile cha yuro kwenye kila programu ya simu na kutazama shilingi zitakazofika. Angalia pia kama bei ile tamu ni ya mteja mpya, maana mara ya pili hurudi kuwa ya kawaida. Na lipa kwa kuhamisha kutoka benki. Kadi ya mkopo inaweza kuongeza tozo yake.

Hesabu hiyo ndiyo iliyobadilisha mazungumzo yetu na mama. Mwanzoni alikuwa akiniomba kidogokidogo, leo gesi, kesho nauli ya mdogo wangu.

"Mwanangu, si nilidhani huko yuro ni nyingi?"

"Mama, shilingi ikipata nguvu huko kwetu, yangu inapungua huku."

Nikampa mfano wa karo. Shule ya bweni ya mdogo wangu inatoza shilingi 53,554 kwa mwaka, na muhula wa pili ni asilimia 30, kama 16,066. Kwa kiwango cha Januari hiyo ilikuwa yuro 92. Mwezi wa Mei, shule zilipofunguliwa kwa kuchelewa kwa ajili ya mafuriko, zilinitoka kama 116 pamoja na ada. Karo haikuongezwa hata shilingi.

Tukakubaliana hivi. Karo nimeiahidi kwa shilingi, kwa hiyo kiwango kikiyumba, mzigo ni wangu. Natenga yuro 50 kila mwezi kwenye akaunti ya mshahara na kutuma mara moja kila muhula, kiasi kikubwa. Matumizi ya nyumba nimeyaahidi kwa yuro 70 kwa mwezi, na mama anajua shilingi zitapanda na kushuka. Kiasi hicho tulikipanga makusudi kiwe juu kidogo ya pale mahali pa kukutana, yuro 64. Pesa inaingia kwenye M-Pesa yake, na karo anailipa kwa Paybill ya shule moja kwa moja bila kupita kwa wakala, maana kutoa pesa taslimu kuna ada yake tena. Dharura za hospitali hazimo kwenye mpango huu. Hizo natuma usiku huohuo kwa kampuni yoyote inayofikisha haraka, bila kutazama kiwango.