Ofa ya kuleta mwenzako saluni: nilivyoipanga hapa Mwanga, Kigoma

Ofa nyingi za "njoo na rafiki" ninazoziona kwenye saluni zinataka wawili waje pamoja, wakae pamoja, wapunguziwe pamoja. Kwa kucha au kuosha nywele sawa. Kwa rasta haiendi, kwa sababu vichwa viwili haviivi siku moja. Mteja wangu aliyesukwa wiki iliyopita atakaa na rasta zake mwezi mzima au miwili, na shoga yake anayezitamani anataka kusuka leo, akiwa bado ana hamu. Ukimwambia asubiri mpaka mwenzake afumue, huyo umempoteza, na kwa kona ya pili kuna saluni nyingine.

Kwa hiyo kabla sijaandika tangazo lolote niliamua hivi: mgeni aje siku anayotaka, ataje jina la aliyemwelekeza, apunguziwe hapo hapo. Aliyemwelekeza tunamwandikia punguzo lake kwenye daftari, analichukua siku anaporudi.

Kilichobaki ni kiasi, na hapo ndipo nilikaa na kalamu muda mrefu. Kwangu ufundi wa rasta ndogo ni shilingi 20,000, mteja ananunua rasta zake mwenyewe au anachukua kwangu kwa bei ya dukani. Ule ufundi tunagawana nusu kwa nusu na msusi: 10,000 yake, 10,000 ya saluni, na hiyo ya saluni ndiyo inayolipa kodi ya fremu, umeme, maji, jeli na mafuta. Punguzo linatoka nusu ipi? Msusi anakaa na kichwa kimoja tangu asubuhi hadi jioni. Nikimkata na yeye, rasta za ofa zitasukwa nene, zilegee, na yule mgeni niliyemtafuta kwa gharama hatarudi. Punguzo lote nikaliweka upande wa saluni, na wasusi niliwaambia mapema. Mmoja aliniuliza mara mbili, "Dada, kwa hiyo elfu kumi yangu haiguswi?" Haiguswi.

Sasa angalia hesabu. Bila ofa, mteja wangu wa siku zote akija peke yake, saluni inabaki na 10,000. Nikiwapunguzia wote wawili 5,000 kila mmoja, kwa vichwa viwili saluni inabaki na 5,000 na 5,000, yaani 10,000 ile ile, huku jeli na mafuta yametumika mara mbili. Nikipunguza 3,000 kila mmoja, inabaki 14,000. Ongezeko ni 4,000 tu, si kitu cha kutamba nacho, lakini mgeni akirudi mara ya pili analipa bei kamili na saluni inapata 10,000 yake. Faida ya ofa hii iko kwenye huo ujio wa pili, ndiyo maana niling'ang'ania rasta zisukwe vizuri.

Mistari niliiacha nje kabisa. Ufundi wake kwangu ni 5,000, nusu ya saluni ni 2,500, ukitoa 3,000 unamlipa mtu aje kusukwa. Kuweka dawa nako nilikuacha, maana kile kikopo cha dawa kiko ndani ya bei, kinachobaki ni kidogo.

Tangazo lenyewe nililiandika fupi, nikataja shilingi badala ya asilimia. Ukisema asilimia kumi na tano, mtu anaanza kuuliza ya nini, ya ufundi au pamoja na rasta? Hili ndilo lililotoka:

OFA YA WAWILI
Mlete mwenzako ambaye hajawahi kusuka kwetu.
Yeye anapunguziwa sh. 3,000. Na wewe sh. 3,000.
Ni kwa ufundi wa rasta tu, Jumatatu hadi Alhamisi.
Si lazima mje siku moja. Akifika ataje jina lako na namba yako.
Mwenzako afike kabla ya tarehe 30. Punguzo lako litakusubiri miezi miwili.

Maneno yote hayo niliyaandika ndani ya picha yenyewe, si chini yake. Kwenye WhatsApp mtu anapiga picha ya kioo anamtumia shoga yake, na kile ulichoandika pembeni kinaweza kubaki njiani. Picha yenyewe ni kisogo cha mteja wetu, rasta zimegawanyika vizuri, ngozi inaonekana kwenye mistari ya kugawia. Uso haupo, na bado nilimwomba ruhusa. Stetasi hukaa saa 24 tu na wanaoiona ni wale ambao mmehifadhiana namba, kwa hiyo nilikuwa nairudisha kila baada ya siku kadhaa. Hao wenye namba yangu ndio hasa niliowahitaji, maana wao ndio watakaowatafuta wageni, si mimi.

Siku za Jumatatu hadi Alhamisi kila mtu anaelewa: Ijumaa na Jumamosi viti vinajaa vyenyewe, wa harusi, wa kanisani, wanaosafiri. Kupunguza bei siku hizo ni kujiibia. Lakini kwetu Kigoma kuna kalenda nyingine pia. Mbalamwezi ikiwa kali, wavuvi wa dagaa hupumzika, kwa sababu taa zao hazivuti samaki kwenye maji yenye mwanga. Akina mama wanaouza dagaa kule Kibirizi siku hizo wana muda wa kukaa kwenye kiti kutwa, ila pesa ndiyo imepungua. Nikaianzisha ofa mwezi ukiwa unakaribia kujaa. Kwa mama wa namna hiyo elfu tatu inasikika, na akija mmoja wa soko moja, wanaomuona kesho yake ni wengi.

Ujanja haukukosekana. Wawili ambao wote ni wateja wetu wa siku nyingi walikuja wameshikana mikono, mmoja akajifanya mgeni. Hao ukiwapunguzia umetoa 6,000 bure, maana wangekuja hata hivyo. Daftari letu lina namba ya simu ya kila aliyewahi kusuka, lakini watu wana laini mbili tatu, kwa hiyo namba peke yake haitoshi. Nilichotegemea zaidi ni wasusi. Msusi husahau jina, kichwa hasahau. Alipomshika tu nywele akacheka, "Shoga, hili kovu la nyuma ya sikio mimi nalijua." Tulicheka wote, wakalipa bei kamili, hakuna aliyenuna.

Aliyenuna ni mama mmoja ambaye yuko nasi tangu tufungue na hana tabia ya kuleta watu. Aliniambia wazi kwamba wageni wanapewa na yeye anatazama. Ana haki. Sikumwingiza kwenye ofa, ila siku ile nilimwosha na kumpaka mafuta bila kumtoza, na sasa wale wa zamani nawafanyia hivyo kimya kimya, bila tangazo.

Kwenye daftari kila punguzo linalosubiri lina mstari wake: jina la aliyeleta, jina la mgeni, tarehe, na nafasi ya sahihi siku likichukuliwa. Likishakaribia miezi miwili bila mwenyewe kuonekana, namtumia ujumbe: "Dada, elfu tatu yako bado ipo, rasta zinaendeleaje?" Hapo wengi huwa wameshaanza kujikuna.