Sekunde nne za kimya

Wanaoandika maelezo ya sauti kwa watazamaji wasioona, msihesabu maneno, hesabuni silabi. Neno moja la Kiswahili, “wanapomfuatilia”, linakula muda wa maneno mawili matatu mafupi.

Tuseme pengo kati ya mazungumzo lina sekunde 4. Acha nusu sekunde kila upande ili msomaji asikanyage mazungumzo, zinabaki 3. Kwa silabi 5 kwa sekunde, una silabi kama 15.

Rasimu: “Mwanamke mwenye wasiwasi anafungua droo na kuchukua simu ya mumewe.” Ni silabi 28, haiingii hata kwa kukimbiza. Droo imeshasikika ikifunguliwa, itoe. “Wasiwasi” ni hukumu yako; kama mikono inatetemeka na nafasi ipo, taja mikono. Inabaki: “Rehema anafutika simu ya Juma.” Silabi 13, na kiuno kimo ndani ya kitenzi: kufutika ni kuchomeka kitu kiunoni.

Jina usilikate kuokoa muda. “Anafutika” peke yake, chumbani wakiwemo wawili, haisemi nani.

Halafu isome kwa sauti huku picha inakwenda. Ukisomea moyoni utajidanganya, utaona inaenea.