Kutembeza Wageni Mji wa Kale, Mombasa: Ninavyopanga Saa, Vituo na Chakula

Matembezi yangu ya Mji wa Kale yanabanwa na adhana mbili. Naanza saa kumi, Alasiri ikishaswaliwa, na lazima niwe nimemaliza kabla ya Magharibi, kwa sababu baada ya adhana hiyo wenye meza za chakula na wanywaji kahawa huenda msikitini na barabara hubaki tupu kwa muda. Novemba jua huzama mapema kuliko Februari kwa karibu nusu saa, kwa hiyo ratiba ya Februari ukiitumia Novemba, kikombe cha mwisho cha kahawa hukipati.

Nachukua wageni sita, wakizidi sana wanane. Sababu ni upana wa barabara: mkokoteni na tuktuk vikipishana, kundi la watu kumi halina pa kusimama ila mlangoni mwa mtu. Leseni ya kuongoza nakata kwa Mamlaka ya Kudhibiti Utalii (TRA), na mkobani naweka leso mbili za ziada kwa anayekuja na kaptura fupi.

Ngome ya Yesu siingii nao. Ndani humeza saa nzima na zaidi, na viwango vya kiingilio hutofautiana kwa raia na mgeni, hivyo foleni ya tiketi peke yake yaweza kula muda wa kahawa. Anayetaka kuingia namwambia aje saa nane, tukutane nje. Pale nje nina robo saa, nayo naitumia kwa jambo moja: kuzingirwa kwa 1696 hadi 1698. Wareno waliianza ngome hii mwaka 1593, na wageni wengi hudhani kuta hizi hazikuwahi kushindwa. Nawaelekeza macho baharini, ambako meli ya Kireno Santo Antonio de Tanna ilizama 1697 katika jitihada za kuiokoa ngome. Mwaka uliofuata ngome ikaangukia mikononi mwa Waomani.

Twende Barabara ya Mbarak Hinawy, upande wa kivuli. Msikiti wa Mandhry, ambao kwa kawaida hutajiwa mwaka 1570, tunautazama kutoka ng'ambo ya barabara: mnara wake mnene unaochongoka juu huonekana vizuri zaidi kutoka hapo, na mlango unabaki wazi kwa waumini. Bandari ya Kale tunaipita upesi. Kabla ya kupiga picha karibu na geti nauliza mlinzi, sikisii.

Nakaa zaidi kwenye Nyumba ya Leven, kama dakika ishirini, kwa kuwa kisa chake wageni hawakitarajii. Mwaka 1824 Wamazrui, ukoo uliotawala Mombasa, walikuwa wakimkabili Sayyid Said wa Oman, wakataka bendera ya Kiingereza iwakinge. Kapteni Owen wa meli ya Leven akakubali, akamwacha Luteni Reitz asimamie. Reitz akafa mwaka huohuo, naye Luteni Emery akashika mahali pake hadi 1826, Waingereza walipoondoka. Mwaka 1837 Sayyid Said akaichukua Mombasa. Mgeni aliyepita Port Reitz hushtuka kidogo hapo: kumbe jina alilolisoma kwenye kibao ni la mtu huyu. Ni bora jina moja lililobaki mjini kuliko tarehe kumi.

Tunarudi kwa Ndia Kuu, yaani "njia kuu" kwa Kimvita. Saa kumi na moja na nusu tunafika kwenye viazi karai. Usifike mapema: kiazi kilichokaangwa mchana hulainika ganda, unga wake ukawa kama kitambaa chenye maji. Nangoja kitoke karaini. Mafuta nayatazama kwanza. Yakiwa meusi, yenye povu lisilotulia na moshi mkali, naenda meza nyingine hata kama mwenyeji ni rafiki. Watu sita naagizia viazi kumi na viwili na bakuli mbili za ukwaju, pilipili kando. Ukiagiza zaidi, kahawa hainyweki.

Kahawa chungu humiminwa kutoka dele kwenye kikombe kidogo, tangawizi ikiwamo, na tamu yake ni kashata. Kabla ya kashata nauliza nani hali njugu, maana za njugu na za nazi huwekwa sinia moja na chengachenga huchanganyika. Swali hili liulizwe saa kumi, kwenye ngome, si sinia likishafika.

Ramadhani njia hii yote nabadilisha. Mchana meza hazipo na si adabu kutafuna barabarani, basi naanza saa kumi na moja, nafupisha kwa kuacha Ndia Kuu, na adhana ya Magharibi inatukuta karibu na meza za futari, tende mkononi.