Dada Aliyeondoka Bila Kutibiwa

Mimi ni muuguzi. Kwa miaka kadhaa nimefanya kazi katika kituo cha afya cha umma pwani ya Kenya, katika mji mdogo ambao barabara yake kuu imejaa baa na nyumba za wageni. Wanawake wengi pale huishi kwa kuuza ngono, na wanaume kadhaa pia. Nilijua hivyo tangu siku ya kwanza. Nilichokuwa sikijui ni kwa nini walikuja kwetu wakiwa wameshaugua sana.

Jumatatu moja mwaka 2017 nilikuwa mapokezini kwa sababu karani hakufika. Benchi lilikuwa limejaa. Akaja mwanamke wa miaka kama 26, leso kiunoni, macho yamechoka. Nitamwita Zuhura. Nikamuuliza anaumwa nini. Akajibu kwa sauti ya chini kwamba ni tumbo. Nikamwambia aseme kwa sauti, watu ni wengi.

"Tumbo la chini, sista. Na natokwa na uchafu."

Nikamtazama nguo alizotoka nazo usiku, nikasema maneno ambayo bado yananiuma: "Na mwenzako yuko wapi? Magonjwa haya hatumtibu mtu mmoja. Nenda umlete mumeo kwanza." Kuna waliocheka. Mzee mmoja akageuza uso. Zuhura akaikaza leso yake na kutoka.

Baada ya wiki tatu aliletwa na mwenzake kwa tuktuk. Alikuwa na homa kali, anatapika, anatembea amejikunja. Tulipompima mimba hakuwa nayo, na daktari alipougusa mlango wa kizazi alipiga kelele. Uambukizo ulikuwa umepanda kutoka kwenye mlango wa kizazi hadi kwenye mirija ya uzazi. Akalazwa, akawekewa dripu na sindano za seftriaksoni, akaanzishwa doksisaiklini na metronidazoli za siku 14. Alipona, lakini mirija ikishawaka hivyo inaweza kubaki na makovu, na makovu hayo ndiyo huleta ugumba au mimba kutunga nje ya mji wa uzazi. Uchafu ule wa Jumatatu ya kwanza ungeweza kutibiwa siku ileile kwa sindano moja na vidonge vya kwenda navyo nyumbani.

Siku ya tatu wodini nilimwomba msamaha. Hakunijibu haraka. Kisha akasema, "Sista, mimi niliondoka nikaenda duka la dawa. Kule nilinunua vidonge vinne, na hakuna aliyeniuliza mume." Vidonge vinne havitibu kitu. Vinapunguza maumivu kidogo, na ugonjwa unaendelea kupanda kimyakimya.

Mwenzake aliyemleta alikuwa mwelimishaji rika, yaani mwanamke wa kazi hiyohiyo aliyefunzwa kuwapeleka wenzake hospitali na kugawa kondomu. Nilimwomba anieleze watu wake wanatuonaje. Tulikaa nje ya wodi chini ya mwarobaini karibu saa nzima, na yeye ndiye aliyenifungua macho.

Alianza na askari. Sheria ya Kanuni ya Adhabu ya Kenya inamlenga zaidi anayeishi kwa mapato ya ukahaba, lakini sheria ndogo za miji na kaunti zinatosha kumkamata mwanamke kwa kusimama tu barabarani usiku. Anayekamatwa ni yeye. Aliyekuja kununua anawasha gari na kwenda kwake. Askari wakikuta kondomu nyingi mkobani wanazifanya ushahidi, kwa hiyo wengine huogopa kubeba zaidi ya mbili. Akaja kwenye dini na majirani, na hapo hakuhitaji kunieleza sana, kwa sababu mimi mwenyewe ni mtoto wa madrasa na nimelisikia neno "malaya" likitumika kama jina la uchafu tangu utotoni. Halafu akagusa Ukimwi. Ulipoingia nchini watu walisema ni ugonjwa wa makahaba, kana kwamba mwanamke hujiambukiza mwenyewe. Baadaye nilisoma kwamba wanawake wanaouza ngono wa Majengo, Pumwani, jijini Nairobi, walioanza kufuatiliwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na cha Manitoba mwaka 1985, wamewafundisha wanasayansi mengi kuhusu virusi hivyo, kwa sababu baadhi yao walionekana kutoambukizwa licha ya kukutana navyo kwa miaka. Damu waliyotoa imesaidia dunia nzima, na mtaani bado wanaitwa wachafu.

"Sasa mtu ametoka kwa askari, amepita kwa majirani, anafika kwenu," akaniambia. "Ninyi mkimtukana, hana pengine pa kwenda ila duka la dawa."

Nilirudi kazini nikaketi kwenye benchi la wagonjwa asubuhi mbili, bila sare, nikisikiliza. Niligundua kwamba mapokezi yetu yalikuwa yakimdhalilisha kila mtu, ila yule anayeuza ngono ndiye aliyekuwa na mengi ya kupoteza. Tukaanza hapo. Karani akabaki kuuliza jina na umri, anatoa kadi yenye namba, basi. Anachoumwa mtu anakisema chumbani, mlango ukiwa umefungwa.

Amri ya kumleta mwenzi tuliifuta kabisa. Haikuwa kwenye mwongozo wowote wa tiba. Ilikuwa mazoea yaliyogeuka sheria. Mgonjwa anatibiwa siku ileile. Kama ana mpenzi wa kudumu anapewa kadi ya kumpelekea ili naye aje, na kama ni wateja asiowajua majina, hatumbani.

Kisha maswali ya chumbani. Zamani tulikuwa tukimtazama mtu na kukisia. Aliyevaa buibui hakuulizwa kitu, aliyevaa sketi fupi alihojiwa kama mshukiwa. Sasa kila mtu mzima mwenye dalili za magonjwa ya zinaa anaulizwa maswali yaleyale, na anaelezwa kwanza kwa nini: katika miezi mitatu iliyopita umekuwa na mtu mmoja au zaidi, mlitumia kondomu kila mara au mara nyingine, ni kwa mbele, kwa mdomo au kwa nyuma, na kuna aliyekulazimisha? Hilo la "kwa nyuma" lilitugharimu mjadala mrefu, kwa sababu wengi wetu tulizoea kusema "kinyume na maumbile", na ukishasema hivyo umeshamhukumu kabla hajajibu. Kijana mmoja alitibiwa kwetu mara mbili kama mwenye bawasiri. Mara ya tatu aliulizwa swali hilo kwa utulivu, akasema kweli, akachunguzwa, na ikaonekana kuwa ni kisonono cha njia ya haja kubwa.

Lipo jambo tulilolikosea vibaya. Tuliamua kutenga Alhamisi mchana kwa ajili ya wanaouza ngono, tukiamini tunawapa faragha. Wiki ya tatu vijana wa bodaboda getini walikuwa wameshaipa siku ile jina la matusi, na anayeingia Alhamisi anajulikana. Wiki ya tano hakuja mtu. Tukaivunja, na badala yake tukabadilisha saa. Foleni yetu ilikuwa ikifungwa saa tano asubuhi, wakati ambao mtu aliyelala alfajiri ndiyo kwanza yuko usingizini. Tukaacha muuguzi mmoja hadi saa kumi na moja jioni kwa wagonjwa wote, akina mama wa sokoni na watoto wa shule wakiwemo. Hapo ndipo walipoanza kuja, wamechanganyika na watu wengine.

Kondomu nazo tulikuwa tukizigawa kumi kumi, kila mtu sawasawa. Siku moja nilipiga hesabu na Zuhura: wateja wanne kwa usiku, siku tano kwa wiki, hiyo ni 20 bila zile zinazopasuka. Kumi zinaisha siku ya tatu. Sasa tunamuuliza mtu anahitaji ngapi, tunampa na vilainishi, ndani ya bahasha ya kaki kama ya dawa yoyote. Maelezo ya kazi yake hayaandikwi juu ya faili, na aliyeyaandika kwa kalamu nyekundu zamani tulimwomba ayafute.

Gumu kuliko yote lilikuwa kutoa ushauri unaofuatika. Metronidazoli huwa tunaonya isichanganywe na pombe, na dada anayefanya kazi baa hununuliwa bia ndiyo mteja akae. Ukimwambia tu "usinywe" atakuitikia, kisha ataacha dawa. Nilimuuliza Zuhura atafanyaje. Akafikiri, akasema atamwomba mhudumu wa baa ammiminie soda kwenye glasi ya bia. Kuhusu kupumzika hadi dawa ziishe, nilimweleza sababu yake, kwamba kizazi kilichovimba kinaumia upya na ugonjwa unaweza kurudi. Akanionyesha kodi na karo anazodaiwa. Tulikubaliana asifanye kazi kabisa maadamu bado ana maumivu, na baada ya hapo akishindwa kungoja, asikubali hata mara moja bila kondomu. Sikupenda kuishia hapo, lakini ndilo angeweza kulitimiza.

Mwaka uliofuata alikuja msichana aliyebakwa na mteja na rafiki zake. Mwenzangu wa zamu akaniuliza pembeni, mtu anayeuza anabakwaje? Nilimjibu kwamba amekataa na wamemlazimisha, na kwamba tulikuwa na saa zinazohesabika. Vidonge vya kuzuia Virusi vya Ukimwi vinapaswa kuanza ndani ya saa 72, na kadiri unavyowahi ndivyo bora. Vinamezwa siku 28. Vya kuzuia mimba havisubiri zaidi ya saa 120. Alikuwa ameambiwa mahali pengine alete karatasi ya polisi kwanza, na polisi ndio aliokuwa akiwaogopa. Tulianza dawa, tukachukua vielelezo, tukajaza fomu ya hospitali, na suala la kuripoti tukamwachia aamue mwenyewe. Mwenzangu yule ndiye aliyempigia simu kila wiki kumkumbusha vidonge hadi vikaisha.

Sikujua kama tunafaulu mpaka nilipoanza kuandika kwenye daftari langu kila mgonjwa ana dalili kwa siku ngapi. Mwanzoni majibu yalikuwa wiki mbili, mwezi, miezi miwili. Kufikia mwisho wa mwaka 2018 nilikuwa nikiandika siku mbili, siku nne. Wengine walianza kuja wakiwa hawaumwi, kupima tu, au kuomba vidonge vya kila siku vya kujikinga na virusi.

Makarani huhamishwa, na kila mpya huja na mazoea ya alikotoka. Kwa hiyo Zuhura na wenzake wawili wamekubaliana nasi: akija karani mgeni, mmoja wao anapanga foleni kama mgonjwa wa kawaida, anakaa kwenye lile benchi, kisha jioni ananipigia simu kuniambia aliulizwa nini, kwa sauti gani, na nani alisikia.